Flashi ilikuwa nzima, fundi ndiye aliyeiua kwa mdomo

Nilikuja kuipa flashi hii nyota moja. Sasa nyota hiyo moja naona nimpelekee fundi, na hata hiyo naiona nyingi.

Nikiichomeka, kompyuta inatoa mlio wake wa kupokea kifaa, taa inapepesa kama siku zote. Nafungua `File Explorer`, naingia `This PC`, flashi haimo. Nikahamia tundu jingine, mambo ni yaleyale. Humo ndani mna picha za marehemu baba yangu, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi haraka.

Fundi aliitazama taa, hakugusa kitu kingine. "Hii imekufa, mama. Nunua nyingine." Nikamweleza habari za picha. Akasema basi aifomati, huenda ikaamka. Aifomati! Kufomati ni kufuta orodha ya mafaili na kuanza upya, na mimi nimetoka kumwambia ninachokitaka ni mafaili yenyewe. Nilipomwomba anirudishie flashi yangu, akacheka, akasema mambo haya si ya watu wa umri wangu. Kauli hiyo bado inanichoma.

Aliyenisaidia ni binti wa dada yangu. Aliichomeka kwanza kwenye kompyuta yake, picha zote zikafunguka. "Mama mdogo," akaniambia, "ikifunguka huku na kwako haionekani, tatizo liko kwenye kompyuta yako."

Kumbe taa ile inaonyesha tu kwamba umeme unafika na flashi inawasiliana na mashine. Ili ionekane kwenye `File Explorer`, lazima ipate herufi yake, kama diski ya ndani inavyoitwa `C:`. Herufi hiyo haikai ndani ya flashi. Kila kompyuta hutoa yake. Kwangu, flashi ilipewa `E:`, na `E:` hiyohiyo ilikuwa imeshachukuliwa na folda ya kazini inayokuja kwa mtandao. Nikibofya `E:`, inafunguka folda ya kazini, na flashi imefunikwa nyuma yake.

Alichofanya hata asiyejua kitu atakiweza. Flashi ikiwa imechomekwa, shikilia kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza R, kisha andika hivi na ubonyeze Enter:

```
diskmgmt.msc
```

Linafunguka dirisha la `Disk Management`. Tazama sehemu ya chini, kwenye mstari ulioandikwa `Removable`. Itambue kwa ukubwa wake: flashi ya GB 16 huandikwa kama 14.9 hivi, wala hujaibiwa, ni namna tu ya kuhesabu. Usiguse mistari mingine, huko ndiko iliko diski ya kompyuta yenyewe. Bofya kisanduku cha flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Change Drive Letter and Paths...`, kisha `Change`. Kama haina herufi kabisa, bonyeza `Add`. Chagua herufi ya mbali isiyogombewa, sisi tulichukua `T`, halafu `OK`. Likija onyo kwamba baadhi ya programu zinategemea herufi ya zamani, jibu `Yes`. Flashi ikatokea papo hapo. Kwenye menyu ileile kuna neno `Format`, lipite mbali.

Nilitaka kuandika kwamba fundi hajui kitu kabisa. Nikiwa mkweli, kuna flashi ambazo kweli zimekufa huku taa ikipepesa. Kwenye dirisha hilo utaona `No Media`, maana yake chipu inayoongoza flashi inaitika lakini kumbukumbu haionekani, na hapo herufi haitasaidia. Ukiona `RAW` au `Unallocated` na mafaili unayataka, usifomati, na ukiombwa `Initialize` bonyeza `Cancel`. Tafuta mtu wa kuokoa data. Kwa hiyo huenda fundi amewahi kukutana nazo nyingi za namna hiyo. Lakini mbona hakutazama? Dirisha hilo linafunguka kwa muda mfupi kuliko alioutumia kunicheka.

Flashi yenyewe naipa nyota tano. Ngoja, nne. Kwenye pakiti wameandika kwamba taa ikipepesa flashi iko tayari kutumika, na sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niamini fundi anajua anachokitazama. Waifute. Picha za baba zimo zote, sasa nimezinakili pia kwenye kompyuta. Fundi nyota simpi. Nilisema moja pale juu, nimeifuta.