Habu ya matundu saba na diski zinazopotea usiku: uzoefu wangu

Nahariri video za harusi Dar es Salaam kwa MacBook Air, kompyuta yenye matundu mawili tu ya USB-C. Ndiyo maana nilinunua habu ya matundu saba, zile bapa za bei ya kati zinazouzwa Kariakoo, ambazo chaja unaichomeka humo humo na umeme unapitia kwenda kwenye kompyuta. Mchana sina la kulalamika: kadi za kamera zinasomeka, picha inatoka kwenye skrini kubwa. Shida yake ni ya usiku. Nikiifunga kompyuta ikalala, asubuhi nakuta “Disk Not Ejected Properly”, yaani diski imekatika kabla mfumo haujaiaga.

Kilichonipa mwanga ni kwamba aghalabu ujumbe ulihusu diski moja. Nina SSD ndogo na diski ya kuzunguka ya inchi 2.5, zote kwenye habu ile ile. SSD inabaki, ya kuzunguka inapotea. Ingekuwa Mac ndiyo inayokata USB ikilala, zingeanguka zote mbili. Ya kuzunguka ina mota, na kompyuta inapoamka mota hiyo huanza kutoka kusimama kabisa. Kwa sekunde chache inaweza kutaka karibu ampea 1. Kiwango cha kawaida cha tundu la USB 3 ni mA 900, na habu isiyo na chanzo chake cha umeme inagawana kidogo ilichonacho. Volti zikishuka, saketi iliyo ndani ya kasha la diski hujizima na kuwaka upya, nayo Mac inaelewa kwamba umeichomoa. Ukitega sikio utasikia: inaanza kuzunguka, inalia tik, inaanza tena.

Nikaihamishia diski hiyo moja kwa moja kwenye tundu la Mac, ujumbe ukakoma. Nikairudisha kwenye habu, safari hii kwa waya mfupi na mnene badala ya ule mrefu mwembamba niliokuwa nautumia: siku nyingine ilisalimika, siku nyingine haikusalimika. Kwa hiyo waya ulichangia, ila mkosaji mkuu si yeye. Waya mbovu una dalili nyingine unayoweza kuikagua bila kungoja usiku. Fungua System Information, nenda sehemu ya USB, uiangalie diski yako. Diski ya USB 3 ikiandikwa “Up to 480 Mb/s” badala ya “Up to 5 Gb/s”, huenda waya au kichwa chake hakishiki vizuri. (Kuzima “Put hard disks to sleep when possible” hakukunisaidia, kwani hiyo inahusu diski kupumzika wakati haitumiki, si kompyuta nzima kulala.)

Kulikuwa na asubuhi nyingine ambapo hata SSD ilikuwa imekatika. Hapo hadithi ya mota haitoshi, nikatazama kumbukumbu za umeme kwenye Terminal:

```
pmset -g log | grep -iE "Using (AC|BATT)" | tail -40
```

Kila mstari unaonyesha saa na kama Mac ilikuwa ikitumia chaja au betri; ile ya Sleep na Wake inaonyesha pia ililala au iliamka lini. Usiku wa namna hiyo mistari ilihama kutoka AC kwenda BATT katikati ya usiku kisha ikarudi. Umeme ulikatika mtaani. Chaja inapozimika, habu ya aina hii inalazimika kupanga upya umeme na kompyuta, na yangu hujizima kidogo wakati huo, ikaangusha kila kilichochomekwa. Nilihakiki mchana Mac ikiwa macho, hakuna faili linalonakiliwa: nikachomoa chaja kwenye habu, diski zote mbili zikaondoka papo hapo.

Sasa natumia habu yenye adapta yake ya ukutani. Diski ya kuzunguka inaamka bila kuyumba. Lakini msidanganyike: umeme ukikatika, habu hiyo nayo inazimika na diski zinaanguka vile vile, hata kama kompyuta ina betri. Nimeichomeka kwenye UPS ndogo inayoshikilia ruta, na nikijua mgao ni usiku natoa diski kabla ya kufunga.

Kwa walio na diski za exFAT, baada ya kukatika hivyo diski inaweza kuchelewa kuonekana ukiichomeka, kwa sababu macOS inaikagua kwanza kwa `fsck_exfat`. Diski kubwa inaweza kuchukua muda mrefu. Usiichomoe.

Habu ya kwanza naipa nyota 2 kati ya 5: nzuri kwa kadi, kipanya na flashi. Ya pili nyota 4. Moja nimeikata kwa adapta yake, ambayo ni kubwa kuliko habu yenyewe.