Kompyuta ya Mkononi au Konsoli: Anza na Gemu Ulizo Nazo

Wanunuzi wengi huanza kwa kulinganisha kasi ya chipu, ilhali swali linaloamua gharama ni hili: gemu ulizokwisha kununua ziko wapi? Mwenye gemu hamsini katika akaunti ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, akinunua konsoli ya Nintendo Switch 2, hatazihamishia huko. Atazilipia upya zile zinazopatikana. Naye anayezitaka gemu za Mario na Zelda asinunue kompyuta, kwa kuwa Nintendo haiziuzi katika duka lolote la kompyuta. Bei nitakazotaja ni za siku ya uzinduzi nchini Marekani.

Nafasi ya kwanza naipa Steam Deck OLED, kompyuta ya mkononi ya Valve, kampuni yenye duka la Steam, iliyoanzia dola 549 mwaka 2023. Betri yake ni ya wati-saa 50, na Valve yenyewe inataja saa 3 hadi 12, kadirio pana mno kumsaidia mnunuzi. Afadhali upige hesabu mwenyewe: gawa 50 kwa wati ambazo kifaa kizima kinavuta. Gemu nzito inayovuta wati 20 itakupa saa mbili na nusu. Gemu nyepesi ya wati 8 itakupa saa sita na robo. Ukibonyeza kitufe chenye nukta tatu utakuta mpangilio wa TDP Limit, yaani kikomo cha wati ambazo chipu inaruhusiwa kuvuta; ukiushusha kutoka wati 15 hadi 9 na kuzuia fremu zisizidi 45 kwa sekunde, gemu nyingi za zamani huendelea vizuri na betri hudumu zaidi. Kasoro yake ni kwamba Fortnite na Valorant hazifunguki katika SteamOS, mfumo unaoendesha kifaa hiki, kwa sababu ya programu zao za kuzuia udanganyifu.

Ya pili ni Switch 2, iliyotoka Juni 2025 kwa dola 449.99, na ambayo Nintendo inaikadiria saa 2 hadi 6.5. Unafuu huo wa bei usikuhadae: inapokea kadi za microSD Express pekee, ambazo ni ghali kuliko zile za kawaida. Tena baadhi ya kadi za gemu zimebeba ufunguo tu, na gemu lenyewe hulazimu kupakuliwa kwenye mtandao. Soma tangazo lililo sehemu ya chini ya uso wa mbele wa kasha kabla hujalipa.

ROG Ally X, kompyuta ya mkononi ya Asus, naiweka ya tatu, si kwa udhaifu, bali kwa dola zake 799 za mwaka 2024. Inatumia Windows 11, hivyo inafungua Fortnite, Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia gemu kwa mwezi, na maduka yote ya gemu za kompyuta. Betri yake ni ya wati-saa 80, lakini ikivuta wati 30 itaisha kwa saa 2 na dakika 40, karibu sawa na Steam Deck inapobanwa na gemu nzito. Inunue ikiwa gemu unalolicheza kila siku linakataa SteamOS.