Tovuti ya gesti Dodoma: Hugo au WordPress?
Chukua gesti ya Area C yenye tovuti ya kurasa tano: vyumba, bei, picha, ramani na simu. Bei hubadilika labda mara mbili kwa mwaka.

Kwa WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti unaokaa kwenye seva, mgeni anapofungua ukurasa, lugha yake ya PHP huuliza hifadhidata ya MySQL na kuuunda upya, ingawa maneno ni yaleyale ya mwezi uliopita. Seva hulimudu hilo. Kinachonisumbua ni programu-jalizi, vile vipande vya kuongezea tovuti kazi: zisiposasishwa, wadukuzi hupitia matundu yanayojulikana. Dalili mojawapo ni wageni kupelekwa kwenye kurasa za kamari, huku mwenye gesti, aliyeingia kama msimamizi, haoni kitu.

Hugo, programu ya kutengeneza tovuti, huunda kurasa mara moja tu, kwenye kompyuta yako. Seva hubaki na faili za kusomwa tu, bila hifadhidata wala mlango wa msimamizi. Lakini kubadilisha bei ni kuhariri faili, kuendesha `hugo`, kisha kupakia folda ya `public`. Dada wa mapokezi asiyefundishwa atakwama hapo.

Kwa gesti hii ningechagua Hugo, mradi yupo fundi wa kupigiwa simu bei zikipanda. Wakitaka bei ibadilike kila wikiendi ya Bunge, basi WordPress.