Kununua ikwalaiza ya parametriki: hesabu nobu tatu kabla ya kulipa

Mixa yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu tangazo lake lilisema ina ikwalaiza ya parametriki kwenye kila chaneli. Nilipoifungua nikakuta bendi ya kati ina nobu mbili: moja ya kuchagua masafa, nyingine ya kupandisha na kushusha. Ya tatu haikuwepo, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba hiyo iliyokosekana ndiyo iliyokuwa ikiniharibia sauti za waimbaji. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kununua ikwalaiza ya kusafishia sauti ya mtu anayeimba au kuzungumza kwenye maikrofoni, na kipimo nilichotumia kupanga vifaa ni kimoja: je, unaweza kuamua mwenyewe upana wa kile unachokigusa?

Ikwalaiza ya parametriki kamili ina vidhibiti vitatu kwa kila bendi. Masafa ya katikati, yanayoandikwa FREQ, yanasema unagusa wapi. Geini, GAIN, inasema unapandisha au kushusha kwa desibeli ngapi. Q inasema eneo la jirani linaburutwa kiasi gani pamoja na hapo katikati. Jina lenyewe, parametriki, lilienea baada ya George Massenburg kuwasilisha andiko lake kwa chama cha wahandisi wa sauti, AES, mwaka 1972, na tangu mwanzo maana yake ilikuwa vidhibiti hivyo vitatu, kila kimoja kikijitegemea.

Q ndiyo inayowachanganya watu, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Ni masafa ya katikati kugawanywa kwa upana wa bendi. Ukiweka katikati kwenye hezi 250 na Q ikiwa 1, upana ni hezi 250. Q ikiwa 4, upana ni hezi 62.5 tu. Namba ikipanda, bendi inakuwa nyembamba, na wengi huanza kwa kudhani ni kinyume chake. Bendi hiyo haienei sawasawa pande zote mbili kwa hezi bali kwa oktavu, yaani kila masafa yanapoongezeka mara mbili ni oktavu moja: kwa Q ya 1, kingo zake ziko karibu hezi 155 upande wa chini na hezi 405 upande wa juu. Kwa Q ya 4 kingo zinasogea hadi karibu hezi 221 na 283. Baadhi ya vifaa na programu havionyeshi Q bali upana kwa oktavu. Oktavu mbili ni Q ya takriban 0.7, oktavu moja ni 1.4, na theluthi ya oktavu ni 4.3.

Sasa chukua sauti ya mwanamume inayovuma kama anaongea ndani ya boksi, na mvumo huo uko hezi 250. Unashusha desibeli 6. Kwa Q ya 4 mvumo unaondoka, na ukiangalia hezi 150, eneo linalobeba uzito wa sauti yake, limepungua kwa theluthi moja tu ya desibeli. Hakuna atakayesikia. Rudisha Q hadi 1, usiguse kingine chochote, na pale pale hezi 150 panashuka karibu desibeli 3. Mvumo umeondoka, lakini na kifua chake kimeondoka nao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye mixa yangu: mtengenezaji alikuwa ameiwekea Q pana isiyobadilika, na kila nilipotibu mvumo, sauti ilikonda. Nikawa naongeza besi kufidia, mvumo unarudi, nashusha tena.

Kwenye kupandisha, mambo yanageuka. Tuseme maneno hayasikiki vizuri na unataka kuongeza desibeli 3 kwenye kilohezi 3. Kwa Q ya 5 unapandisha kipande cha kati ya hezi 2,715 na 3,315 hivi, na sauti inaanza kutoboa, kama mtu anaongea kupitia bomba. Kwa Q ya 0.7 unapandisha kuanzia karibu hezi 1,540 hadi 5,830. Kilele ni kile kile, desibeli 3, lakini eneo lililoinuliwa ni kubwa mara kadhaa, kwa hiyo sauti nzima inasogea mbele na inasikika kubwa zaidi. Ndiyo maana mafundi wengi hukata kwa bendi nyembamba na kupandisha kwa bendi pana. Bendi nyembamba sana iliyopandishwa ina tatizo lingine pia: inabaki ikilia kidogo baada ya sauti yenyewe kukoma, hasa kwenye masafa ya chini. Na ukumbini, kilele chembamba ni mwaliko kwa spika kuanza kupiga mluzi.

Kwa kipimo hicho, hivi ndivyo ninavyovipanga.

Namba moja: mixa ya dijitali yenye parametriki kamili kwenye kila chaneli. Kwa anayetoa sauti ukumbini, hapa ndipo pesa yake iende. Nyingi zina bendi nne kwa kila chaneli, kila bendi na Q yake, na kioo kinachoonyesha mchoro wa bendi, wenye umbo la kengele, ukinenepa na kukonda unapozungusha. Usiidharau picha hiyo, maana ndiyo inayomfundisha mtu mpya haraka. Kabla ya kununua, fungua kitabu cha maelezo utafute kiwango cha Q. Kikianzia chini ya 0.7 na kufika angalau 8, kazi zote nilizozitaja hapa zinawezekana. Angalia pia kama Q iko kwenye nobu yake au imefichwa kurasa mbili ndani ya menyu. Ikiwa imefichwa, katikati ya shughuli hutaigusa, na utakuwa umerudi kwenye nobu mbili.

Namba mbili: programu ya kompyuta. Kama unarekodi tu, ipandishe iwe namba moja. Hapa huna haja ya kukimbilia kulipia. ReaEQ inapatikana bure na ina parametriki kamili, ila upana wake umeandikwa kwa oktavu. Kwa kusikiliza kwenye Windows, Equalizer APO nayo ni ya bure, na ule mfano wetu wa mvumo unaandikwa mstari mmoja:

```
Filter 1: ON PK Fc 250 Hz Gain -6 dB Q 4
```

Badilisha 4 iwe 1, sikiliza rekodi ile ile ya sauti, na utakuwa umeielewa Q kuliko maelezo yangu yote. Programu za kulipia zinakupa kioo cha kuonyesha masafa yanavyocheza nyuma ya mchoro, na hicho kinaokoa muda kweli. Kinachoiweka nafasi ya pili ni ukumbini tu: sauti kupita kwenye kompyuta huchelewa kidogo, na mwimbaji anayejisikia kwenye spika ya jukwaani huupata ucheleweshaji huo mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Namba tatu: kifaa cha rafu cha analogi. Kikiwa cha kweli, chenye nobu tatu kwa kila bendi, ni kizuri na hakicheleweshi chochote. Lakini kwa kawaida kinakupa chaneli moja au mbili, na hakuna kuhifadhi mipangilio. Uwe makini na jambo moja: kwenye baadhi ya vifaa vya analogi Q hubadilika pamoja na geini. Ukipandisha kidogo, bendi ni pana, na ukipandisha sana, inakonda. Si kasoro, wapo wanaoipenda kwa sababu marekebisho madogo yanasikika laini, lakini namba ya Q iliyoandikwa pembeni ya nobu haitakuwa na maana ile ile kila mahali.

Namba nne: mixa ya analogi yenye bendi ya kati inayohamishika. Hii ndiyo yangu ya kwanza. Unachagua masafa na geini, Q imechaguliwa kiwandani. Kwa kupandisha kidogo inafaa, kwa sababu upana wake mara nyingi ndio unaotakiwa kwenye kupandisha. Kwa kukata mvumo, kata nusu ya ulichokusudia: desibeli 3 badala ya 6. Kinachobaki kitibu kwa kusogeza maikrofoni, kwani mtu akiongea karibu sana na maikrofoni ya kuelekezwa, besi yake huvimba. Inunue ukijua ni nini, na muuzaji akiiita parametriki bila kuongeza neno lolote, mwombe akuonyeshe nobu ya tatu.

Namba tano: ikwalaiza ya grafiki, yenye slaida 31, moja kwa kila bendi. Inafaa kwa kurekebisha spika za ukumbi mzima, si sauti ya mtu mmoja. Kila slaida imekaa kwenye masafa yake na upana wake ni takriban theluthi ya oktavu, huwezi kuusogeza. Tatizo likiwa hezi 280, linaangukia kati ya slaida ya 250 na ya 315, itabidi ushushe zote mbili, na utakuwa umekata zaidi ya ulichohitaji.

Ukienda kujaribu kifaa, beba rekodi ya sauti ya mtu unayemjua, ile unayojua inavyosikika akiwa mbele yako. Punguza sauti ya spika kwanza. Weka Q kwenye 4, pandisha desibeli 6 kwenye bendi moja, kisha zungusha masafa polepole kuanzia hezi 150 hadi 500. Karibu kila mahali patasikika pabaya, hivyo ndivyo bendi nyembamba iliyopandishwa inavyosikika, usikate kila unapopita. Tafuta mahali ambapo ule mvumo uliokuwa unausikia tangu mwanzo unaruka ghafla. Hapo simama, geuza geini iwe desibeli 6 chini, halafu zungusha Q taratibu kutoka 4 kuelekea 1 huku ukisikiliza kifua cha sauti. Kwenye kifaa kizuri utasikia waziwazi pale kifua kinapoanza kuondoka. Kama Q inazunguka na husikii tofauti yoyote, au inaruka kutoka pana hadi nyembamba bila hatua za katikati, kirudishe.

Na usinakili namba za Q kutoka kifaa kimoja kwenda kingine ukitegemea matokeo yale yale. Wapo watengenezaji wanaopima upana pale geini inapofika nusu ya desibeli za kilele, na wapo wanaoupima desibeli 3 chini ya kilele. Kipimo hicho cha pili hakiwezi hata kutumika ukipandisha desibeli 2, kwa sababu desibeli 3 chini ya hapo hazipo kwenye mchoro. Ukihamia mixa mpya, chukua masafa na geini kutoka kwenye mipangilio yako ya zamani, na Q uitafute upya kwa sikio.