Yogati tano, majina matano: mnunuzi ataipataje ya embe?

Ndugu watazamaji, karibuni. Mezani nimepanga vikombe vitano vya yogati ya mtengenezaji mmoja, nilivyovinunua katika duka moja lililo jirani na soko la Kirumba, hapa Mwanza. Leo sitazungumzia utamu wake, kwa kuwa yogati yenyewe ni nzuri na nzito. Nitazungumzia majina ya ladha zake na rangi zilizoyabeba, maana hapo ndipo mnunuzi anapopotea.

Tazameni vikombe hivi viwili. Hiki kinaitwa Machweo ya Ziwa, nacho ni cha embe. Kile kinaitwa Mawio ya Ziwa, nacho ni cha nanasi. Vyote viwili ni vya njano, na maandishi yanayotaja tunda yako chini kabisa, madogo kuliko tarehe ya mwisho wa matumizi. Ninaelewa kwa nini mtengenezaji alivutiwa na majina haya: kila mwenye embe anaweza kuuza yogati ya embe, na hakuna awezaye kulimiliki neno “embe” kama alama yake ya biashara, ilhali Machweo ya Ziwa ni jina analoweza kulidai. Lakini jina la kujitofautisha na washindani ni lile la yogati yenyewe, ambalo tayari limeandikwa juu ya kila kikombe. Jina la ladha lina kazi nyingine, ambayo ni kumtofautishia mnunuzi kikombe hiki na ndugu yake wa pembeni.

Katika maduka yetu mengi jina hilo hutamkwa kabla ya kusomwa, kwa sababu mteja husimama nje ya dirisha lenye nondo na muuzaji ndiye anayefungua friji. Nikiwa pale, alikuja mtoto aliyetumwa na mama yake.

“Shikamoo mama, naomba yogati ya Ziwa.”

“Marahaba mwanangu. Ya Ziwa ipi?”

“Ile ya njano.”

Mama muuzaji akatoa vikombe viwili, akaviinua kwenye mwanga, akasoma yale maandishi madogo, kisha akamuuliza mtoto kama nyumbani hupenda embe au nanasi. Mtoto akajibu “embe” papo hapo. Neno lililohitajika alikuwa nalo tangu mwanzo. Kikombe ndicho kilichomnyima nafasi ya kulitumia.

Ningelikuwa mtengenezaji, ningeandika EMBE na NANASI kwa herufi kubwa, mahali palepale kwenye kila kikombe, ili jicho likishajua pa kutazama lisianze kutafuta upya. Embe ningeipa rangi ya chungwa iliyoiva, na nanasi ningeiachia njano yenye ukanda wa kijani juu, kama majani ya tunda lenyewe. Ukanda huo una faida ya ziada, kwa sababu kioo cha friji kikishika ukungu, au mnunuzi akiwa hatofautishi rangi vizuri, umbo bado linaonekana.

Kosa linalonisumbua zaidi liko kwenye vikombe hivi viwili vyeupe. Kimoja kinaitwa Wimbi, yaani vanila, nacho kimetiwa sukari. Kingine kinaitwa Asili, nacho hakijatiwa. Mtu aliyeshauriwa kupunguza sukari anaweza kuchukua Wimbi akidhani weupe maana yake ni yogati tupu. Hata neno Asili halimsaidii, kwa kuwa halisemi kama kilicho cha asili ni maziwa, ladha au utamu. Ningeandika HAIJAONGEZWA SUKARI. Singeandika “haina sukari”, kwa sababu maziwa yana sukari yake. Kikombe hicho ningekipa buluu, na vanila ningeipa rangi ya malai.

Hata kampuni kubwa zimeteleza hapa. Mwaka 2011, nchini Marekani, Coca-Cola iliiweka soda yake ya kawaida katika makopo meupe ya msimu wa sikukuu, na baadhi ya wanunuzi wakayachanganya na makopo ya rangi ya fedha ya Diet Coke, hadi makopo mekundu yakarudishwa mapema. Jina halikubadilika hata herufi moja, lakini mkono ulikuwa umezoea kufuata rangi.

Kikombe cha tano, Mwamba, ni cha stroberi, nacho ni cha waridi, kwa hiyo hupatikana haraka licha ya jina lake.

Limebaki jambo la vifuniko. Duka lile lina pia friza la kufungulia juu, na humo mnunuzi haoni ubavu wa kikombe hata kidogo. Nimevipanga vifuniko vyote vitano hapa mbele yenu: vyote ni vyeupe, vyote vina jina la yogati peke yake, na mimi mwenyewe niliyevinunua siwezi kuwaonyesha cha embe bila kukigeuza.