Gari la Mama, na muuzaji aliyesema "atazoea tu"

"Huyu atazoea tu." Ndivyo alivyosema muuzaji, akimsema mama yangu mwenye miaka 78 aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mkono wa Mama umeshika mlango wa gari refu, mguu mmoja uko ndani, mwingine bado uko chini, na goti limegoma. Hakumsalimia. Hakumwuliza swali hata moja. Aliniuliza mimi, "Bado anaendesha?" Funguo za kujaribia gari akanikabidhi mimi. Mnunuzi ni Mama, leseni ni yake, hela ni zake, na alikuwa anashika usukani kabla kijana yule hajazaliwa. Mama akanyoosha mkono, akasema kwa upole, "Mwanangu, hizo funguo nipe mimi." Nikampa. Mimi upole huo sina, ndiyo maana ninaandika.

Wauzaji wengi wamekariri jambo moja: mzee mpe gari refu, hatainama. Nusu yake ni kweli. Gari la chini kabisa humfanya mtu ajitupe kitini wakati wa kuingia, na wakati wa kutoka ajivute kwa mikono kama anayetoka shimoni. Lakini nusu ya pili hawaisemi. Mtu mwenye goti bovu haingii garini kwa kupanda. Anageuka, analielekezea gari mgongo, anakaa kwanza, kisha anaingiza miguu mmoja baada ya mwingine huku akijizungusha. Kwa hiyo kiti kinatakiwa kiwe juu ya magoti yake na chini ya nyonga. Kikiwa chini ya magoti anaanguka. Kikiwa juu ya nyonga hawezi kukaa, inabidi aparamie.

Tulikwenda na utepe wa fundi cherehani. Kutoka chini hadi kwenye mkunjo wa goti la Mama ni sentimita 43 akiwa amevaa viatu vyake vya kuendeshea. Ukingo wa kiti cha lile gari refu ulikuwa sentimita 74 kutoka chini. Hiyo ni karibu kabisa na nyonga yake, maana si mrefu. Nilimwonyesha muuzaji utepe. Hakuutazama. Akasema, "Tutawawekea ubao wa kukanyagia, tatizo limekwisha."

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Ubao ule unamfaa kijana anayepanda kwa mguu mmoja na kujirusha ndani. Kwa anayekaa kwanza, ubao ni kizuizi. Unatokeza nje pale pale ambapo nyayo zake zinatakiwa kusimama, kwa hiyo unamsogeza mbali na kiti wakati anahitaji kiti kiwe nyuma yake kabisa. Wakati wa kushuka mguu haujui ukanyage ubao au ardhi, na mvua ikinyesha ubao unateleza. Nilimweleza yote haya. Akajibu kwamba wazee wote wananunua hilo hilo. Sikuamini, na hata kama ni kweli, hao wazee hawana goti la mama yangu.

Nilikuwa nimeshaamua kuipa yadi ile nyota moja na kuondoka. Kisha akaja kijana anayeosha magari, mikono imelowa, akasema, "Shikamoo mama. Njoo ujaribu hili dogo, usiingie, kaa kwanza." Lilikuwa gari dogo lenye paa refu, la aina ile ambayo watu hulipita wakidhani ni la kubebea mizigo. Kijana akakisukuma kiti nyuma hadi mwisho, akaunyanyua usukani juu, akashika mlango usirudi. Mama akageuka, akakaa. Hakujitupa wala hakuparamia. Utepe ukasema sentimita 57.

Na kuna jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelitilia maanani hadi nilipoiona miguu yake ikiingia. Ni kizingiti cha mlango. Katika gari lile refu, kizingiti kilikuwa kipana na kimeinuka, na sakafu ya ndani imezama, kwa hiyo mguu ulitakiwa uinuliwe juu, uvuke, kisha uteremshwe. Mtu mzima wa afya hahisi hata kidogo. Mwenye goti gumu hulazimika kuushika mguu wake kwa mikono miwili kuupitisha. Hili dogo lilikuwa na sakafu iliyo karibu sawa na kizingiti, na mguu wa Mama ulipita kwa kuburuzwa tu. Kiti nacho kilikuwa bapa pembeni. Viti vya kimichezo vina mbavu zilizoinuka ili kumshika dereva kwenye kona, na mbavu hizo ndizo zinazomchoma mzee kwenye paja kila anapoteleza kuingia. Ukienda kununua, usitazame jinsi mtu anavyoingia tu. Mwambie atoke, polepole, gari likiwa limeegeshwa penye mteremko kidogo. Mlango usiobaki wazi penye mteremko utamrudia mguuni siku moja.

Kuna wanaotandika mfuko wa nailoni au mto wa kuzunguka kitini ili kugeuka kuwe rahisi. Kwa abiria, labda, na mfuko uondolewe gari halijaanza kwenda. Kwa dereva, hapana. Akifunga breki kwa nguvu anateleza mbele chini ya mkanda, na mkanda unapanda tumboni badala ya kubaki kwenye mifupa ya nyonga.

Yule kijana akaendelea. Akapampu wenzo wa pembeni kiti kikapanda, kisha akakisogeza mbele kidogo kidogo hadi Mama akaweza kukanyaga breki hadi mwisho huku goti likibaki limekunjika kidogo. Nikapima kutoka kifuani hadi katikati ya usukani, kwa sababu humo ndimo mfuko wa hewa unamolipukia, na panatakiwa pabaki walau sentimita 25. Watu wafupi husogea mbele mno ili waone, kumbe dawa ni kukipandisha kiti. Kuna magari ambayo kiti cha dereva hakipandi kabisa. Hayo tuliyaacha bila mjadala.

Kuhusu kuona nje nitasema kwa ufupi. Nguzo zinazoshikilia kioo cha mbele siku hizi ni nene, na kwa mtu ambaye shingo haigeuki vizuri, nguzo inaweza kumficha mtembea kwa miguu mzima. Mama alikaa, mimi nikatembea polepole kutoka mbele ya gari kwenda ubavuni, yeye akisema "nakuona, nakuona, umepotea." Katika gari refu nilipotea kwa hatua kadhaa. Katika hili dogo nilipotea kidogo tu, kwa sababu kuna kidirisha cha pembe tatu mbele ya mlango na nguzo imegawanywa kuwa mbili nyembamba. Kamera ya nyuma ipo na inasaidia kuegesha, ila haimsaidii mtu njia panda.

Basi tukalinunua. Na kwa siku za mwanzo ningewaambia wote kwamba ni gari bora kuliko yote kwa dereva mzee. Sasa sijui tena nisemeje, maana mvua zilipoanza nililiona jambo lililonirudisha kwenye hasira.

Tulikuwa barabarani, Mama anaendesha, kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu kwa ndani. Katika gari lake la zamani kulikuwa na kitufe kimoja chenye picha ya kioo na mishale inayopanda. Alikijua kwa kidole, bila kutazama. Katika gari hili, kitufe hicho kiko ndani ya skrini. Unagusa picha ya feni, unasubiri ukurasa ufunguke, unagusa mwelekeo wa hewa, kisha unahakikisha kiyoyozi kimewaka, maana ndicho kinachokausha hewa, na kwamba gari halizungushi hewa ile ile ya ndani. Macho ya mzee huchukua muda kuhama kutoka mbali barabarani hadi karibu kwenye skrini, kisha yanahitaji muda tena kurudi. Ngozi ya kidole kikavu, chenye kutetemeka, skrini haiisikii vizuri. Mama aligusa, haikuitika, akagusa tena, ikafungua redio. Akaegesha pembeni, akazima, akasema, "Mwanangu, hiki si cha kuguswa na mtu anayeendesha."

Nilimpigia muuzaji. Jibu lake? Mnalijua. "Atazoea tu." Toleo la ngazi ya chini la gari hilo hilo, ambalo halikuwepo pale yadini, lina vitufe vitatu vya kuzungusha vya kuongozea hewa. Hakututajia hata kwa bahati mbaya. Nilikuja kuliona kwa mtu mwingine.

Toleo hilo la chini lina faida nyingine, na hapa hasira yangu inapanda zaidi. Letu lilikuja na rimu kubwa za inchi 17 na tairi zilizoandikwa 205/45. Namba ya pili ni asilimia ya upana, kwa hiyo ubavu wa tairi una kama milimita 92 tu za mpira kati ya rimu na barabara. La ngazi ya chini linavaa 185/65 kwenye rimu ya inchi 15, yaani milimita 120, na kipenyo cha nje cha tairi ni karibu kile kile. Hizo milimita 28 za mpira na hewa ndizo zinazomeza mashimo kabla shokapu hazijaanza kazi. Mama alikuwa anashuka na mgongo umekaza, tukadhani ni kiti. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango kinataja saizi zote mbili, maana yake rimu ndogo inapita vizuri juu ya breki za gari hili. Tukabadilisha. Siku ile ile Mama aliniambia gari limekuwa jingine.

Kwa hiyo nyota zangu. Gari nilitaka kulipatia tatu kwa sababu ya skrini. Ila nikikumbuka anavyokaa na kutoka mwenyewe bila mtu kumshika kiganja, siwezi, ninalipatia nne. Ukilipata la vitufe vya kuzungusha na rimu ndogo, lipe tano bila kufikiri. Yadi ina nyota mbili, na zote ni za yule kijana wa kuosha magari, ambaye ningekuwa mwenye yadi ningempa kiti cha yule mwingine.

Nimebaki na dai moja kwao. Juu ya milango mitatu kuna mshikio wa kujishikia. Juu ya mlango wa dereva hakuna, kuna plastiki tupu, kana kwamba dereva hazeeki. Nimewaandikia nikiuliza kama unaweza kufungwa wa kiwandani pale, ulioshikwa na chuma cha bodi na si kwa skrubu za plastiki, na mbali na njia ya mfuko wa hewa wa pembeni. Hawajajibu.