Programu ya rezime ilitaka kutugombanisha na bamama wa likelemba (uzoefu wangu)

Mimi ni sekretere wa kikundi cha akiba hapa Goma, bamama 24, na kila mkutano naandika raporo ya kurasa 4 ambayo hakuna mtu anasoma, njo nikaweka programu ya kufupisha kwa telefone. Iko na namna mbili: moja inachagua fraze ndani ya raporo na kuzikopi vile ziko, ingine inaandika upya kwa maneno yake. Nikachagua ya kukopi nikiwaza ile haiwezi kudanganya, maneno si ni yangu mwenyewe?

Rezime ikatoka hivi: "Akiba za memba wote zimefika dolari 1860. Hazitatolewa tena kwa memba yeyote mpaka mkutano wa mwezi wa 9." Nikatuma kwa grupe bila kuisoma vizuri. Wee! Kugawana ni mwezi wa 7, kesho yake asubuhi bamama 6 wako mlangoni wanauliza pesa yao imeenda wapi.

Kwa raporo, katikati ya hizo fraze mbili kulikuwa na ingine: "Zile za msaada tulizimaliza kwa matanga mawili." Kumbe "hazitatolewa" ilikuwa ya pesa za msaada! Programu hii inahesabu maneno yanayorudi sana, fraze yenye "memba", "mkutano", "mwezi" inapata pointi nyingi, ile ya matanga haina hata moja basi ikaachwa. Na Kiswahili chetu kinaficha mwenye jambo ndani ya hako ka "zi" tu: akiba ni zi, pesa ni zi, faini ni zi, ukitoa fraze mahali pake inashika jina lolote liko mbele yake. Kila neno lilikuwa langu na bado ilikuwa uongo.

Nikajaribu namna ya pili, ikaandika: "Pesa za msaada zimeisha, zitaanza tena kutolewa mwezi wa 9. Akiba ni dolari 1860, na faini ya kuchelewa itapanda." Ya msaada imekaa sawa, imetaja jina. Lakini faini, mama prezida alisema tu "tunaweza kuipandisha", hatukupiga kura! Hapo nikasahihisha kwa mkono: "mama prezida alipendekeza."

Sasa natumia ya kuandika upya, ila kila fraze natafuta mstari wake kwa raporo, naangalia nani alisema, kama kuna "si" ama "kama", na hesabu. Inanikula dakika 10 hivi. Kukopi nabakiza kwa kanuni tuliyopigia kura tu, na hapo nakopi pamoja na fraze ya mbele yake.

Nyota 3 kwa 5. Ingekuwa 4 kama ingeonyesha fraze ilitoka ukurasa gani, na mama mmoja mpaka leo ananiangalia vibaya.